Tarakimu 11 bila jina la nchi: namna ya kujua namba ya mlipakodi imetolewa wapi

Faili lina majina, kiasi cha malipo na safu ya namba za walipakodi, lakini safu ya nchi haipo. Pengine mtu aliifuta alipounganisha majedwali mawili, au fomu ya kwanza haikuiuliza kabisa. Kilichobaki ni namba zenyewe, na swali ni kama namba peke yake inaweza kukuambia ilikotoka.

Mara nyingi inaweza. Baadhi ya nchi hujitaja zenyewe kwa umbo tu. Msimbo wa kodi wa mtu binafsi wa Italia una herufi na tarakimu 16 zilizochanganyika, na ukishauona mara moja hutausahau. Namba ya hifadhi ya jamii ya Ufaransa ina tarakimu 15 na kwa kawaida huanza na 1 kwa mwanamume au 2 kwa mwanamke, kisha unafuata mwaka na mwezi wa kuzaliwa. Uingereza hutoa herufi mbili, tarakimu sita na herufi moja ya mwisho. Kwa hizo kazi ni fupi.

Kazi ngumu iko kwenye tarakimu 11 tupu. Hapo hukutana Ujerumani, Polandi, Brazili, Uturuki, Kroatia, Ubelgiji, Norwe, Estonia, Lithuania, Latvia, Urusi na Ajentina, na orodha hiyo haijaisha. Ukiweza kuutenganisha msongamano huu, urefu mwingine hautakusumbua, kwa sababu mbinu ni ileile. Kwa hiyo makala hii inabaki hapo tu.

Jambo moja liwe wazi kabla ya kuanza. Namba hukuambia nani aliitoa, haikuambii uraia wa mwenye nayo wala anakoishi leo. Brazili humpa namba yake ya mlipakodi, iitwayo CPF, mgeni anayenunua nyumba huko. Norwe humpa mgeni wa muda namba yenye umbo la ile ya mkazi, ila tarakimu ya kwanza huongezwa 4. Uturuki huwapa wageni namba zinazoanza na 99. Ukiandika kwenye safu ya uraia jibu ulilolipata kwenye namba, umeandika jambo ambalo namba haikusema.

Usisafishe kwanza

Watu wengi huanza kwa kufuta nukta, vistari na nafasi ili namba zote zifanane. Hilo ni kosa, kwa sababu alama hizo ni ushahidi wa bure. Namba iliyoandikwa 000.000.000-00 ni ya Brazili karibu kwa hakika. Iliyokatwa 000-000-000 00 ni SNILS, namba ya bima ya pensheni ya Urusi. Iliyoandikwa 00-00000000-0 ni CUIL au CUIT ya Ajentina. Tarakimu sita, kistari, kisha tano ni mtindo wa Latvia. Ubelgiji huandika 00.00.00-000.00, na Ujerumani huigawa katika vikundi vya 2, 3, 3 na 3. Hifadhi nakala ya namba kama ilivyokuja, halafu usafishe nakala nyingine.

Sifuri ya mwanzo nayo ina habari yake. Excel ikiisoma namba kama kiasi badala ya maandishi, sifuri iliyotangulia hupotea, na namba ya tarakimu 11 inabaki na 10. Hapo huanza kufanana na namba za Denmaki, Uswidi au Bulgaria, ambazo zina tarakimu 10 kwa asili, na mtu asiyejua huanza kuzitafuta huko.

Lakini upotevu huo unasaidia pia. Namba za Ujerumani na za Uturuki hazianzi na sifuri kamwe. Za Estonia huanza na tarakimu ya jinsia na karne, nayo si sifuri. Za Polandi na Ubelgiji huanza na mwaka wa kuzaliwa, kwa hiyo waliozaliwa 2000 hadi 2009 wana sifuri mbele. Za Norwe huanza na siku, kwa hiyo kila aliyezaliwa kati ya tarehe 1 na 9 ana sifuri mbele. CPF na namba ya Kroatia, iitwayo OIB, zinaweza kuanza na tarakimu yoyote. Ukikuta safu yenye namba nyingi za tarakimu 11 na chache za 10 zilizotawanyika ndani yake, rudisha sifuri mbele ya zile chache, halafu weka Ujerumani na Uturuki mwisho wa orodha ya washukiwa.

Tafuta tarehe

Hatua inayofuata haihitaji hesabu. Tazama kama ndani ya namba kuna tarehe ya kuzaliwa, na imekaa wapi.

Polandi na Ubelgiji huanza na mwaka, mwezi, siku, kila kimoja kwa tarakimu mbili. Norwe huanza na siku, mwezi, mwaka. Latvia ilifanya vivyo hivyo hadi 2017, ilipoanza kutoa namba mpya zisizo na tarehe, ambazo huanza na 32, siku isiyokuwapo katika mwezi wowote. Estonia na Lithuania huweka kwanza tarakimu moja ya jinsia na karne (3 ni mwanamume wa karne ya ishirini, 4 ni mwanamke wa karne hiyo, 5 na 6 ni wa karne hii), kisha mwaka, mwezi, siku. Ujerumani, Kroatia, Brazili, Uturuki, Urusi na Ajentina hazina tarehe kabisa.

Mwezi ndio unaosema zaidi, kwa sababu katika namba ya kubahatisha tarakimu mbili huangukia kati ya 01 na 12 mara 12 tu kwa kila 100. Lakini usiikatae namba kwa sababu tu mwezi wake unazidi 12. Polandi hutumia mwezi kuonyesha karne: aliyezaliwa Machi 1985 ana 03, aliyezaliwa Machi 2005 ana 23. Ubelgiji nayo huongeza 20 au 40 kwenye mwezi inapompa namba mtu asiyeandikishwa kwenye daftari la wakazi, kwa mfano mfanyakazi anayevuka mpaka kila siku. Kwa hiyo namba inayoanza na 052314 inaweza kuwa ya Mpolandi aliyezaliwa tarehe 14 Machi 2005, au ya mtu aliyesajiliwa na hifadhi ya jamii ya Ubelgiji. Tarehe haiwezi kuamua hapo, na ndipo tarakimu ya ukaguzi inapoingia.

Tarakimu ya ukaguzi inathibitisha nini hasa

Tarakimu ya ukaguzi hukokotolewa kutokana na zile zilizotangulia. Iliwekwa ili kunasa makosa ya kuandika, haikukusudiwa kuitambulisha nchi. Sisi tunaitumia kinyumenyume: kila nchi ina kanuni yake, kwa hiyo namba ikipita kanuni ya nchi moja na kuanguka katika nyingine zote, tumepata kidokezo kizito.

Uzito wa kidokezo unategemea kanuni. Polandi ina tarakimu moja ya ukaguzi. Unazidisha tarakimu kumi za kwanza kwa 1, 3, 7, 9, 1, 3, 7, 9, 1, 3, unajumlisha, unachukua tarakimu ya mwisho ya jumla na kuitoa kwenye 10. Kilichobaki ndicho tarakimu ya 11, na kikiwa 10 inaandikwa 0. Namba yoyote isiyohusiana na Polandi ina nafasi moja kati ya 10 ya kupita kwa bahati. Ubelgiji ina tarakimu mbili: unagawanya tarakimu tisa za kwanza kwa 97, unalitoa baki kwenye 97, na jibu ndilo tarakimu mbili za mwisho. Kwa waliozaliwa kuanzia 2000 unaweka 2 mbele ya zile tisa kabla ya kugawanya. Hapa nafasi ya kupita kwa bahati ni karibu moja kati ya 100 kwa kila namna ya kukokotoa. Kwa hiyo kupita kwa Kibelgiji kuna uzito karibu mara kumi ya kupita kwa Kipolandi.

Chukua 85073003328, namba ya mfano ya Kibelgiji. Tarehe yake, 30 Julai 1985, inakubalika Polandi na Ubelgiji pia. Kwa Kipolandi jumla inakuja 125, tarakimu ya ukaguzi ingekuwa 5, lakini namba inaishia na 8. Imeanguka. Kwa Kibelgiji 850730033 ikigawanywa kwa 97 inabakiza 69, na 97 kutoa 69 ni 28. Imepita.

Uturuki ina kanuni yenye siri nzuri ndani yake. Tarakimu ya 10 hupatikana kwa kujumlisha zilizo katika nafasi za witiri (ya 1, 3, 5, 7 na 9), kuzidisha jumla kwa 7, kutoa jumla ya zilizo katika nafasi za shufwa (ya 2, 4, 6 na 8), na kubakiza tarakimu ya mwisho. Tarakimu ya 11 ni tarakimu ya mwisho ya jumla ya zote kumi. Sasa ziweke pamoja. Jumla ya zote kumi ni witiri, ongeza shufwa, ongeza tarakimu ya 10, ambayo yenyewe ni witiri mara 7 kutoa shufwa. Shufwa zinafutana, inabaki witiri mara 8, na chochote ukizidisha kwa 8 kinaishia na tarakimu inayogawanyika kwa 2. Ndiyo maana kila namba ya utambulisho ya Uturuki huishia na 0, 2, 4, 6 au 8. Namba inayoishia na 7 huna haja ya kuikokotoa: si ya huko, au imekosewa.

Namba moja, hatua kwa hatua

Tuchukue 86095742719, namba ya mfano inayotumika kueleza hesabu hizi. Imekuja bila alama yoyote, na hatujui lolote zaidi.

Anza na tarehe. Kwa mtindo wa Polandi na Ubelgiji ni mwaka 86, mwezi 09, siku 57. Hakuna siku ya 57, kwa hiyo zote mbili zinatoka. Kwa mtindo wa Norwe siku ni 86, na hata ukiondoa 40 za namba ya mgeni inabaki 46. Norwe inatoka. Latvia inatoka pia, kwa kuwa 86 si siku wala si 32. Kwa Estonia na Lithuania tarakimu ya jinsia ingekuwa 8, mwaka 60, mwezi 95. Zinatoka. Ajentina huwapa watu binafsi viambishi vichache tu mbele, hasa 20, 23, 24 na 27, kwa hiyo 86 inaiondoa. Nchi saba zimetoka na hatujazidisha chochote.

Inaishia na 9. Uturuki inatoka.

Brazili sasa. CPF ina tarakimu tisa na mbili za ukaguzi. Kwa ya kwanza unazidisha zile tisa kwa 10, 9, 8, hadi 2:

```
8×10 + 6×9 + 0×8 + 9×7 + 5×6 + 7×5 + 4×4 + 2×3 + 7×2 = 298
298 = 27×11 + 1
```

Baki likiwa 0 au 1, tarakimu ya ukaguzi ni 0. Likiwa zaidi, unalitoa kwenye 11. Hapa baki ni 1, kwa hiyo tarakimu ya 10 ingepaswa kuwa 0, nayo ni 1. Brazili inatoka, na hakuna haja ya kukokotoa ya pili.

Urusi huzidisha tarakimu tisa kwa 9, 8, 7, hadi 1 na kugawanya jumla kwa 101. Jumla ni 250, baki ni 48. Namba yetu inaishia na 19. Inatoka.

Zimebaki Ujerumani na Kroatia. Na hapa pana mtego ambao huwanasa hata wenye programu nzuri za ukaguzi: nchi hizi mbili hutumia kanuni ileile. Kitambulisho cha kodi cha Ujerumani na OIB ya Kroatia, iliyoanza 2009, vyote hukokotoa tarakimu ya mwisho kwa kanuni ya ISO 7064 MOD 11,10. Hesabu yake hutembea tarakimu baada ya tarakimu, na kila hatua hubeba matokeo ya hatua iliyotangulia:

```python
def mod11_10(n):
    p = 10
    for d in n[:10]:
        s = (int(d) + p) % 10 or 10
        p = (2 * s) % 11
    return (11 - p) % 10 == int(n[10])
```

Kwa mkono, tunaanza na 10. Tarakimu ya kwanza ni 8: 10 na 8 ni 18, tunabakiza 8 ya mwisho (ingekuwa 0 tungeiandika 10), tunaizidisha kwa 2 kupata 16, na 16 ikigawanywa kwa 11 inabakiza 5. Tunaibeba 5 hadi tarakimu inayofuata, 6: jumla 11, tunabakiza 1, mara 2 ni 2. Tukiendelea hivyo tunabeba 4, 6, 2, 7, 2, 8, 10, na mwisho 2. Kumi na moja kutoa 2 ni 9, na namba inaishia na 9. Imepita, kwa Kijerumani na kwa Kikroatia sawasawa.

Mapacha wanaotenganishwa na umbo

Tarakimu ya ukaguzi imefika mwisho wa uwezo wake hapa, lakini namba haijamaliza kusema. Ujerumani ina sharti la pili ambalo Kroatia haina. Katika tarakimu kumi za kwanza lazima kuwe na marudio ya aina maalumu. Kanuni ya mwanzo ilitaka tarakimu moja tu ijitokeze mara mbili, nyingine nane mara mojamoja, na moja isionekane kabisa. Kuanzia 2016 inakubalika pia tarakimu moja ijitokeze mara tatu, mradi zote tatu zisifuatane bila kitu katikati. Hapo mbili hazionekani, na saba zilizobaki huonekana mara mojamoja.

Hesabu zilizomo katika 8609574271: 7 iko mara mbili, 3 haipo, nyingine zote zipo mara mojamoja. Sharti limetimia kikamilifu.

Je, OIB haiwezi kutimiza sharti hilo kwa bahati? Inaweza, na kiwango chake kinakokotoleka. Kati ya mifuatano yote ya tarakimu kumi, yenye umbo la mara mbili ni milioni 163.3 kati ya bilioni 10, yaani asilimia 1.6. Yenye umbo la mara tatu zisizofuatana ni milioni 203.2, yaani asilimia 2. Jumla haifiki asilimia 4. Kwa kuwa OIB hutolewa bila mpangilio wowote, karibu nne kati ya kila mia zitaonekana kama za Ujerumani, isipokuwa zile zinazoanza na sifuri, ambazo tunazijua kwa sifuri hiyo.

Kwa upande wa pili hakuna shaka. Namba iliyopita MOD 11,10 lakini yenye tarakimu mbili tofauti zilizorudiwa ndani ya kumi za kwanza haiwezi kuwa ya Ujerumani. Ndiyo maana programu inayokagua tarakimu ya mwisho pekee haifai: itazikubali OIB zote kama za Kijerumani bila kulalamika. Kama unanunua au kuandika programu ya ukaguzi, ijaribu kwa namba ya namna hiyo kwanza.

Mapacha wasiotenganika

Estonia na Lithuania ni jambo jingine. Mpangilio ni mmoja: jinsia na karne, tarehe, tarakimu tatu za mfuatano, tarakimu ya ukaguzi. Kanuni ya ukaguzi nayo ni moja. Unazidisha tarakimu kumi kwa 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9, 1 na kugawanya kwa 11. Baki likiwa 10, unarudia kwa 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9, 1, 2, 3, na likiwa 10 tena unaandika 0.

Namba 37605030299, mfano wa Kiestonia, inatoa jumla ya 108, baki 9, na inaishia na 9. Ingekuwa sahihi vilevile Lithuania. Hakuna hesabu ya ziada itakayoamua. Jibu la kweli ni "Estonia au Lithuania", na ndivyo inavyopaswa kuandikwa hadi ipatikane anwani, msimbo wa benki au nakala ya hati. Anayelazimisha jibu moja kwa sababu fomu ina nafasi ya nchi moja tu ataikosesha nchi moja taarifa yake na kuipa nyingine taarifa isiyo yake.

Namba ikianguka

Kuanguka si sawa na kutoka nchi nyingine. Inawezekana namba ni ya nchi unayoishuku lakini imeandikwa vibaya. Ukiwa na namba moja tu huwezi kujua tofauti. Ukiwa na safu nzima unaweza.

Tuseme safu ina namba 30 za chanzo kimoja na unashuku Polandi. Kama ni kweli, 28, 29 au zote 30 zitapita, na chache zilizoanguka ni makosa ya uandishi. Kama si kweli, zitakazopita ukaguzi wa Kipolandi zitakuwa karibu 3, kwa kuwa bahati huruhusu moja kati ya 10. Matokeo hayo mawili yako mbali sana, hayachanganyiki. Ukipata kitu cha katikati, tuseme 17 kati ya 30, maana yake kwa kawaida ni kwamba safu imechanganya vyanzo viwili. Zitenge zilizopita na zilizoanguka, halafu zijaribu zilizoanguka peke yake kwa nchi nyingine.

Kupita nako kuna mianya. Vizidishi vya Polandi vyote ni witiri, kwa hiyo tofauti kati ya kizidishi na jirani yake hugawanyika kwa 2. Matokeo yake ni kwamba ukibadilishana tarakimu mbili zilizo jirani na zinazotofautiana kwa 5, kama 1 na 6 au 3 na 8, jumla hubadilika kwa mafungu kamili ya 10 na ukaguzi hauoni chochote. Brazili ina mwanya wa aina nyingine: 111.111.111-11 na namba zote za tarakimu moja iliyorudiwa mara 11 hupita hesabu, ilhali hazikubaliki. Watu huzijaza kwenye fomu inayokataa nafasi tupu, kwa hiyo ziondoe kwa sharti la peke yake.

Tena zipo nchi ambako kuanguka hakuthibitishi hata kosa. Denmaki, yenye tarakimu 10, iliacha mwaka 2007 kulazimisha ukaguzi wa mgawanyo kwa 11, kwa sababu baadhi ya tarehe za kuzaliwa ziliishiwa namba zinazopita. Namba halali za Denmaki zinazoanguka zipo tangu hapo. Programu ya zamani inayozikataa inawakataa watu halisi wenye namba halisi.

Kwa hiyo andika matokeo katika safu mbili. Moja iwe na nchi zote zilizosalia, hata zikiwa mbili au tatu. Nyingine iseme kilichoziondoa zile nyingine: mwezi usiokuwapo, kiambishi kisichotumika, tarakimu ya ukaguzi, au umbo la marudio. Nchi iliyoondolewa kwa tarakimu ya ukaguzi peke yake inaweza kurudi namba ikipatikana upya bila kosa la uandishi, na tarehe isiyowezekana nayo huenda imetokana na tarakimu moja iliyobonyezwa vibaya. Pasipo safu hiyo ya pili, atakayelipokea faili baadaye hatajua ni lipi kati ya hayo lililotokea, na atalazimika kuanza upya.